Kuku wa Bibi Yuko Wapi?

Mtoto akishazishika silabi za Kiswahili anaweza kusoma karibu kila kitu. Herufi zetu hazigeuki: "ka" ni "ka" popote utakapoikuta, na aliyezijua "mwa", "nya" na "ng'o" hashindwi kutamka neno hata kama hajawahi kulisikia maishani mwake. Ni neema kubwa kwa mwalimu wa madarasa ya chini. Ila neema hiyo pia huficha jambo. Mtoto anaweza kukusomea ukurasa mzima bila kukwama, sauti safi, akituama penye nukta, na asijue amesoma habari za nani.

Nafundisha darasa la pili katika shule ya msingi ya kijijini, wilayani Kilwa. Niliwahi kuwa na mvulana ambaye wageni walipokuja, yeye ndiye aliyesimamishwa kusoma. Siku moja, alipomaliza kusoma vizuri kama kawaida yake, nilimwomba anieleze hadithi inahusu nini. Akaniangalia, akakitazama kitabu, kisha akaanza kusoma upya kutoka mstari wa kwanza. Hakuwa mkaidi. Kwake yeye, kusoma kulikuwa ni kutamka, na niliyoyauliza alidhani ni kuombwa atamke tena. Ushuhuda wangu ni wa jinsi mtoto yule na wenzake walivyotoka pale, na nini hasa kilichowatoa.

Kilianzia katika mafunzo yetu ya walimu kazini, haya tunayoyaita MEWAKA, tunapokaa walimu wa shule za jirani kujadili masomo yetu. Mwezeshaji aliandika ubaoni sentensi hii: "Mdolu alivinza sunzi chini ya fembe." Akauliza: nani alivinza sunzi? Tukajibu: Mdolu. Mdolu alivinza nini? Sunzi. Alivinzia wapi? Chini ya fembe. Tulipata zote, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua Mdolu ni mtu au mnyama, wala kuvinza ni kufanya nini, kwa kuwa maneno yale hayapo. Nilirudi nyumbani nikiyapitia maswali ya ufahamu yaliyo mwishoni mwa hadithi tunazosomesha, na mengi yalikuwa ya namna ile: mtoto analitafuta neno la swali kwenye mstari, kisha analinakili lililo pembeni yake. Alama anapata. Alichokielewa hatukijui.

Tulichofundishwa baadaye ni usomaji wa pamoja. Si jambo jipya duniani. Don Holdaway wa Nyuzilandi alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1979. Aliona kwamba watoto wanaosomewa nyumbani, wamebanana na mama huku macho yao yako kwenye maandishi, huingia shuleni wakiwa tayari wanajua kwamba hadithi ina maana na inakwenda mahali. Akataka darasa zima lipate nafasi hiyo, kwa kitabu kikubwa ambacho kila mtoto anayaona maandishi yake mwalimu akisoma na kuyaonyesha. Miaka kumi kabla yake, mwaka 1969, Mmarekani Russell Stauffer alikuwa ameandika juu ya kumfundisha mtoto kubashiri, kusoma, kisha kuuthibitisha ubashiri wake. Mimi nimeyaunganisha hayo mawili, na hapo kwenye kuthibitisha ndipo ninapotaka kukaa, maana ndipo penye kazi yote.

Kitabu kikubwa cha kununua hatuna, kwa hiyo natengeneza. Karatasi za manila saba, mistari miwili au mitatu kila moja, herufi za urefu wa sentimita nne hivi kwa maka peni nyeusi ili aliyekaa nyuma kabisa aone. Watoto ni zaidi ya sabini; tunasogeza madawati ukutani wanakaa chini kwenye mikeka. Karatasi nazibana juu kwa vibanio vya nguo, na kila ukurasa ambao hatujaufikia naukunja. Kuukunja huko si urembo. Darasani kuna watoto wanaosoma upesi kuliko wenzao, na mmoja akiona kilicho mbele na kukisema kwa sauti, ubashiri wa darasa zima umekwisha. Hata picha naipanga hivyo hivyo. Picha inayoonyesha mwisho wa hadithi siichori kwenye jalada.

Hadithi ninayoitumia sana niliiandika mwenyewe, kwa mambo ambayo watoto wa pwani wanayajua. Bibi ana kuku mweupe anayetaga bandani, na mjukuu wake Zaituni ndiye anayeokota yai. Siku moja Zaituni anaingia bandani, hakuna yai. Kesho yake tena hakuna. Bibi anauliza, "Nani anachukua mayai yangu?" Zaituni anajificha nyuma ya mwembe. Kuku anatoka bandani polepole, anatazama kulia, anatazama kushoto, halafu anakimbilia ufukweni. Zaituni anamfuata, lakini ufukweni anaona mtumbwi mbovu tu. Siku nyingi zinapita, kuku harudi. Bibi anasema, "Kuku wangu ameliwa." Asubuhi moja Zaituni anapita karibu na mtumbwi ule, anasikia sauti: pii, pii, pii. Kuku mweupe anatoka, na vifaranga saba nyuma yake.

Kabla ya kusoma, nawaonyesha jalada tu: kuku mweupe, na jina la hadithi, "Kuku wa Bibi Yuko Wapi?" Nawauliza jina hilo linawaambia nini. Wanasema kuku amepotea. Nawauliza kuku wao nyumbani hupotelea wapi, na hapo mikono inajaa, kwa sababu kila mmoja ana kisa. Sehemu hii haizidi dakika tano katika kipindi cha dakika 30. Kama kuna neno litakalowakwamisha, nalieleza. Kwa watoto wachache huwa ni "ufukweni", kwa sababu nyumbani kwao husema "pwani". Lakini lipo neno moja ambalo silitaji kabisa kabla ya hadithi, nalo ni kuatamia. Nikilieleza hilo mapema nimewapa jibu mkononi. Mwalimu anayeandaa orodha ya msamiati bila kuisoma hadithi yake kwa makini anaweza kuiua kwa neno moja.

Kisha nasoma, fimbo yangu ikitembea chini ya maneno, nao wanafuata kwa macho. Nasimama mara tatu tu. Mahali pa kusimama napachagua usiku nikiandaa somo, na kipimo changu ni hiki: hapa mtu mwenye akili timamu anaweza kufikiria njia mbili, na hadithi imeshampa kitu cha kushikilia? Kama njia ni moja, hakuna la kubashiri. Kama hadithi bado haijasema kitu, mtoto atapiga ramli.

Nasimama kwanza pale Bibi anapouliza nani anachukua mayai. Nawaambia, "Mgeukie jirani yako, mnong'oneze unavyofikiri." Wanong'one kwanza, ndipo tusikilizane. Bila hivyo nitasikia wale watano wanaonyoosha mkono kila siku, na wengine wote watapumzika. Baada ya dakika moja nakusanya. Kunguru, wanasema, na hapa pwani kweli kunguru huiba mayai. Kenge. Mbwa wa jirani. Siku moja mtoto akasema, "Zaituni mwenyewe." Darasa likacheka. Nikamwuliza neno gani katika hadithi limemfanya afikiri hivyo, akajibu, "Yeye ndiye anayeingia bandani." Kicheko kikakoma, maana alikuwa na ushahidi, na waliotaja mbwa hawakuwa nao, hadithi haijamtaja mbwa popote. Naandika ubaoni neno moja moja: kunguru, kenge, mbwa, Zaituni. Sisemi lipi sawa wala lipi kosa.

Swali hilo la pili, "neno gani limekufanya ufikiri hivyo?", ndilo lililobadilisha darasa langu. Swali la "Mnafikiri nini kitatokea?" peke yake halifundishi mtu kusoma. Mtoto anaweza kulijibu bila kusikiliza hata mstari mmoja. Ukiliacha swali hilo lisimame peke yake, baada ya wiki chache utasikia kwamba simba atakuja, kwamba Bibi atakwenda Ulaya, na kila atakayepatia atataka apigiwe makofi. Siku hizi makofi sipigi kwa aliyepatia. Nikipiga makofi kwa kupatia, watoto wanaanza kuogopa kukosea, na mtoto anayeogopa kukosea husubiri mwenzake aseme kwanza.

Mara ya pili nasimama pale kuku anapotazama kulia na kushoto, akakimbilia ufukweni. Sasa swali langu si nini kitafuata. Nawarudisha ubaoni: kuna jina la kufuta? Kuna la kuongeza? Hapa ndipo unapoona ufahamu ukifanya kazi mbele ya macho yako. Msichana mmoja aliyekuwa hazungumzi sana alisema, "Futa kunguru." Kwa nini? "Kuku ametazama kulia na kushoto. Anayetazama hivyo ana jambo la siri." Akapingwa na mwenzake: "Hapana, anamwogopa kenge, ndiyo maana anatazama." Wote wawili walikuwa wamechukua mstari ule ule na kila mmoja akatoka na maana yake, na mstari unawaruhusu wote wawili. Nikaliacha jina la kenge ubaoni, na la kuku mwenyewe nikaliongeza. Niliona watoto wakiuinamia ule ukurasa uliokunjwa.

Kusimama kwa tatu ni pale Bibi anaposema kuku wake ameliwa. Hapa nilikutana na jambo ambalo mafunzo hayakuniandaa nalo. Niliuliza, "Mnakubaliana na Bibi?" Darasa likajibu kwa pamoja, "Ndiyoo." Hata yule wa kuku mwenye siri alikubali. Ikanibidi nifikiri haraka kwa nini. Watoto wetu wamelelewa kwamba mkubwa akisema amesema, na Bibi katika hadithi ni bibi kama bibi zao. Hawakumwacha nje ya heshima kwa sababu yumo kwenye karatasi. Nikalibadilisha swali: "Bibi ameona nini kwa macho yake? Na sisi tumeona nini ambacho Bibi hajakiona?" Kimya. Kisha mmoja: "Sisi tulikuwa na Zaituni nyuma ya mwembe." Mwingine: "Bibi hajui habari za mtumbwi." Swali hilo halikumvunjia Bibi heshima, na liliwafungulia kitu kikubwa kuliko kuku: kwamba mtu aliye ndani ya hadithi anajua machache kuliko msomaji, na kwamba maneno yake yanaweza kuwa ya kweli moyoni mwake na bado mambo yakawa vingine. Tangu siku hiyo, katika kila hadithi ninayoiandaa, natafuta mahali ambapo mhusika mmoja hajui analolijua mwingine. Ni mahali pazuri mno pa kusimama.

Halafu tunasoma hadi mwisho bila kukatiza. Hili la kutokatiza nalishikilia. Nimekaa katika masomo ya wenzangu ambayo hadithi ya kurasa saba ilisimamishwa kila baada ya sentensi mbili, na dalili zake huonekana wazi: watoto wanaacha kuyatazama maandishi wanamtazama mwalimu, wakisubiri swali linalofuata, na ukiwauliza wasimulie wanakupa vipande visivyoungana.

Baada ya hadithi hatuulizani nani alibashiri sawa. Tunarudi kwenye majina ya ubaoni na kuuliza ni neno lipi la hadithi lililolifuta kila jina. Kenge alifutwa na nini? Wanasema: vifaranga, kwa sababu kenge angekula mayai. Zaituni je? Alikuwa nyuma ya mwembe akitafuta kama wengine. Ndipo nauliza swali ambalo Bibi aliuliza mwanzoni: nani alichukua mayai? Jibu lake halijaandikwa popote kwenye karatasi saba. Hakuna mstari unaosema "hakuna aliyeyachukua" au "kuku alihamia mtumbwini kutaga." Mtoto wa kunakili hapa hana pa kunakili. Lazima ayakusanye: banda tupu, kutazama kulia na kushoto, mtumbwi, siku nyingi, vifaranga. Sasa nawapa lile neno nililolificha, kuatamia, na nawaambia kwamba kuku huatamia siku 21. Linawaingia papo hapo, kwa sababu kitu chenyewe wameshakielewa. Kilichokuwa kimekosekana ni jina lake.

Siku zinazofuata hadithi ni ile ile. Tunaisoma wote kwa sauti nikiwaonyesha, kisha makundi yanapokezana, kisha wanaigiza na kuandika. Kubashiri katika usomaji wa pili hakuna maana, wote wanajua mwisho, kwa hiyo swali linageuka: ni wapi hadithi ilitudokeza mapema nasi tukapita? Wanapenda sana kulirudia lile la kulia na kushoto.

Niseme pia ambacho njia hii haifanyi. Mtoto asiyezijua silabi hazijui tu, hata akibashiri vizuri kuliko wote. Wapo watoto wangu wawili watatu ambao kwa kusikiliza walikuwa mbele ya darasa, na wakipewa kitabu walikuwa wanasoma kwa kuotea kutoka kwenye picha. Hao nina muda wao wa sauti na silabi kila siku, kando kabisa, na hapo siwaruhusu kuotea. Ubashiri ni wa maana ya hadithi. Neno lenyewe husomwa herufi kwa herufi. Halafu ubashiri unahitaji mtoto awe na cha kuanzia. Nilijaribu hadithi ya safari ya treni kwa watoto ambao hawajawahi kuona reli, nao wakabaki wananitazama. Mtoto habashiri kitu ambacho hajui kinavyokwenda. Hadithi ya namna hiyo naitangulizia mazungumzo marefu na picha, au naiacha mpaka waijue habari yake.

Yule mvulana wa kusoma mbele ya wageni ndiye aliyechukua muda mrefu kuliko wote. Alipenda kusoma kwa kasi, na kusimamishwa kulimkera. Kwa wiki kadhaa, nikimwuliza neno gani limemfanya afikiri hivyo, alikuwa akinisomea mstari wote. Nikaanza kumpa kazi ya kushika fimbo wakati wenzake wanajibu: mtoto akitaja neno lake la ushahidi, yeye alipaswa kulitafuta kwenye karatasi na kuliwekea fimbo. Kazi hiyo ilimlazimisha kuunganisha alichosema mwenzake na kilichoandikwa. Dalili ya kwanza ilikuja akisoma peke yake hadithi nyingine, ya mvuvi na mwanawe. Alisimama katikati ya ukurasa bila mtu kumsimamisha, akarudi mistari miwili nyuma, akasema, "Mwalimu, hapa wamesema baba amelala. Sasa aliyeita ni nani?" Alikuwa amesoma polepole kuliko zamani, na mgeni angeweza kudhani ameshuka. Mimi nilijua kwamba kwa mara ya kwanza nimemsikia anasoma.

Sasa maswali yanatoka kwao kuliko kwangu, na mengine hadithi haina majibu yake. Safari ya mwisho tuliposoma kuhusu kuku wa Bibi, mtoto mmoja aliuliza kuku alikula nini siku zote hizo ndani ya mtumbwi. Niliwaambia walitafute jibu kwenye karatasi kwanza, wakalikosa. Basi nikawauliza nani kwao wana kuku anayeatamia. Msichana mmoja akaeleza kwamba kuku wa nyanya yake hutoka kwenye mayai mara moja kwa siku, anakula na kunywa upesi upesi, kisha anarudi kabla mayai hayajapoa. Mwenzake akadaka hapo hapo: "Basi Zaituni angemwona akitoka." Mwingine akasema huenda alikuwa shuleni saa hiyo. Wakaomba tufunue tena ukurasa wa tano, waone kama hadithi imesema Zaituni alikuwa wapi siku zile nyingi zilipopita. Haijasema. Wiki ijayo watauandika wenyewe ukurasa huo, na nimeshawakatia manila.